Kilo ngapi za pasheni kupata lita moja ya juisi? Maswali mnayoniuliza kila siku

Mi nauza juisi Kasese, Uganda, na siku za soko nashuka Bwera mpaka Mpondwe pale mpakani. Tunda langu kubwa ni pasheni, wengine mnaita maracuja, wengine karakara, Waganda wanasema obutunda, ni kitu kimoja. Maswali yanayokuja kwa simu yangu yanafanana sana, nimeyakusanya hapa nijibu vizuri mara moja. Sehemu kubwa ni ya pasheni kwa sababu hapo ndo watu wanapoteza pesa zaidi, embe na nanasi nimegusa chini.

Dada, niambie tu moja kwa moja, kilo ngapi zinatoa lita moja?

Kwa pasheni ya zambarau, hii ndogo ya milimani kwetu, panga kilo 3 mpaka 3.3 za tunda ulilonunua kwa lita 1 ya juisi safi ambayo haijaguswa na maji. Tunda likiwa zuri sana, na wewe unakamua vizuri, unaweza kushuka mpaka 2.6 au 2.7. Mzigo ukiwa mbaya unapanda mpaka 4, mi yashanikuta.

Najua kuna mtu ataandika kwamba yeye anapata lita kwa kilo 2. Huyo hadanganyi kwa makusudi ila karibu kila mara kuna maji ndani ya hiyo lita yake, soma swali la kuosha mbegu hapo chini.

Kwa nini inakuwa kidogo hivyo wakati tunda limejaa maji?

Kwa sababu nusu ya pasheni ni ganda. Chukua kilo 1, kata, kwangua ndani yote, halafu pima maganda peke yake, utakuta gramu 500 au zaidi kidogo. Ile nusu iliyobaki ni ute pamoja na mbegu, na mbegu na zile nyuzinyuzi zinazozishika zinakula tena gramu mia na kitu. Unabaki na gramu 350 hivi za juisi yenyewe.

Halafu kuna kitu watu hawakiangalii, juisi ni nzito kuliko maji. Lita ya maji ni kilo 1 lakini lita ya juisi safi ya pasheni ni kama gramu 1,055 kwa sababu ya sukari na asidi iliyomo. Kwa hiyo ukipata kilo 6.6 za juisi usiandike lita 6.6, gawa kwa 1.055, ni lita 6 na robo. Inaonekana kitu kidogo lakini kwa mwezi mzima ni majerikani.

Unaweza kutuonyesha hesabu ya mzigo mmoja mwanzo hadi mwisho?

Ndiyo, na huu ni mfano wa mzigo wa kawaida tu, sio ule mzuri sana.

Nimenunua kilo 20, nimepima mwenyewe kwenye mizani. Nachambua kwanza, yaliyooza na yenye ukungu natoa, kilo 1.2 imeenda. Nabaki na 18.8. Naosha, nakausha maji ya juu, nakata katikati, nakwangua kwa kijiko ndani ya sufuria ambayo nishapima uzito wake ikiwa tupu. Ute na mbegu unakuja kilo 9. Maganda ni kilo 9.8.

Sasa kuchuja. Naweka ute kwa blenda sekunde 5 hadi 10 tu, nawasha nazima, lengo ni kuachanisha juisi na kile kifuko kinachoshika mbegu, sio kusaga mbegu. Napitisha kwenye chujio la chuma nikisukuma na mgongo wa mwiko. Mbegu na nyuzi zinabaki kilo 2.2, na gramu kama 200 zinapotea kwenye vyombo na mikono. Juisi ni kilo 6.6, yaani lita 6.25.

Kilo 20 gawa kwa lita 6.25 ni kilo 3.2 kwa lita. Hiyo 3.2 ndo namba ya kutumia ukienda kununua. Ukigawa zile 18.8 safi unapata 3.0, inaonekana nzuri zaidi lakini yule mama wa sokoni hakukurudishia pesa ya yaliyooza, kwa hiyo hesabia kila kitu ulicholipia.

Mi nikikamua kilo 20 napata lita 9, mbona wewe unapata 6?

Uliosha mbegu kwa maji. Wote tunaosha, hata mi naosha, kwa sababu mbegu zikitoka kwenye chujio bado zimeshika ladha nyingi na sio vizuri kuitupa. Shida sio kuosha, shida ni kuyaita yale maji juisi.

Hili limenigharimu mwenyewe. Zamani nilikuwa nachanganya juisi na maji ya kuoshea kwenye jerikani moja, napima pamoja, naandika kwa daftari: kilo 20, lita 9. Ikaja oda ya harusi, lita 100 za kinywaji. Kipimo changu ni robo juisi na robo tatu maji na sukari, kwa hiyo nilihitaji lita 25 za juisi. Nikafungua daftari, kilo 20 zinatoa 9, basi lita 25 ni kilo 56, nikanunua 56. Siku ya kukamua nikapata lita 17 na nusu za juisi yenyewe. Kwa namba ya kweli ya 3.2 nilitakiwa kununua kilo 80! Nilikuwa nimekosa kilo 24 na ilikuwa saa nne usiku, hakuna soko. Nikajaza maji yatoshe lita 100, na asubuhi mama wa bwana harusi akaonja akaniangalia tu, hakusema kitu. Ile sura sijaisahau mpaka leo, na ile familia haijaniita tena.

Sasa hivi natumia vyombo viwili. Juisi ya kwanza kwa chombo chake, napima, naandika. Maji ya kuoshea mbegu kwa chombo cha pili, na hayo yanaingia kwenye hesabu ya MAJI ya kinywaji. Kama kinywaji kinataka lita 17 za maji na nimeoshea lita 2.75 basi naongeza 14 na robo tu. Ladha yote imeingia na daftari halidanganyi.

Nitajuaje kama juisi niliyonunua kwa mtu ina maji ndani?

Kama una refraktomita, ile ya mkononi ya kuchungulia, dondosha tone moja. Inakupa briksi, yaani kipimo cha utamu, na pasheni safi iliyoiva inasoma kama 13 mpaka 16. Ikisoma 9 au 10 kuna maji, au tunda lilichumwa bichi.

Kama huna, mizani ya jikoni ya dijitali inasaidia. Tafuta chupa ya lita moja, weka alama shingoni pale pembamba. Pima chupa tupu, pima ikiwa na maji hadi alama, pima ikiwa na juisi hadi alama ileile. Ukitoa uzito wa chupa, maji yakiwa 1,000 juisi safi itakuja kama 1,055. Iliyooshewa kama ile yangu ya lita 9 inakuja karibu 1,040, na iliyochanganywa nusu kwa nusu inashuka mpaka kama 1,027. Ila mtu akiongeza sukari mizani haitamkamata na refraktomita pia haitamkamata, hapo unategemea ulimi, asidi ikiwa haikati kama kawaida ujue.

Na angalia povu. Pasheni ikitoka kwa blenda inapanda povu vibaya, lita 5 zinaonekana 6. Acha itulie nusu saa, ama pima kwa kilo halafu gawa, kilo haijali povu.

Tunda zuri la juisi ni lipi, lile laini linalong'aa au lililokunjamana?

Lililokunjamana kidogo, na najua wengi hawaamini. Pasheni ikikaa siku kadhaa inapoteza maji lakini mengi yanatoka kwenye ganda, ndani juisi inabaki karibu ileile. Kwa hiyo kilo moja ya yaliyonyauka kidogo ina matunda mengi zaidi na juisi zaidi kuliko kilo ya yale yanayong'aa, na mara nyingi bei yake iko chini kwa sababu wauzaji wa matunda ya kula hawayataki. Mi napenda sana nikiyakuta. Ila kukunjamana ni kitu kimoja na ukungu ni kingine, angalia pale kwenye kikonyo, kama kuna unga mweupe au harufu ya pombe achana nalo, tunda moja la hivyo linaharibu sufuria nzima.

Ya kuogopa ni mawili. La kwanza ni tunda kubwa lakini jepesi mkononi, hilo ndani ni hewa, mbegu chache, maua hayakuchavushwa vizuri. La pili ni lile lenye ganda nene gumu kama mbao, mara nyingine limepinda, huo ni ugonjwa wa virusi shambani na wakulima wa Uganda wanaujua vizuri sana. Ganda linakula uzito wote, ute ni kijiko kimoja. Mzigo ukiwa na mengi ya hivyo ndo unakuta kilo 4 kwa lita.

Kabla ya kulipia gunia omba kukata matunda 10 kutoka sehemu tofauti, juu, katikati na chini kabisa. Pima 10 yote kwanza, kwangua, pima maganda. Maganda yakiwa nusu ya uzito nunua. Yakizidi 60 kwa 100 shusha bei au ondoka. Muuzaji akikataa kukata, mi naondoka.

Kwetu hawauzi kwa kilo, wanauza kwa karai na gunia. Nafanyaje?

Nunua mizani ya kuning'iniza, zile za ndoano, itembee na wewe. Karai la mama huyu sio karai la mama yule, na matunda makubwa yanaacha nafasi nyingi katikati kuliko madogo, kwa hiyo hata karai lilelile uzito wake unabadilika. Usigombane na mtu kuhusu karai lake, lipime tu, gawa bei kwa kilo kichwani, halafu amua.

Lita moja ya juisi safi inatoa kinywaji kiasi gani?

Inategemea unauza nini. Viwango vya kimataifa vya Codex vinataka nekta ya pasheni, yaani juisi iliyotiwa maji na sukari, iwe na juisi angalau asilimia 25, na mi nashika hapo kwa sababu chini ya hapo ulimi wangu unaanza kusikia maji. Kwa hiyo lita 1 ya juisi inatoa lita 4 za kinywaji. Kwa hesabu yetu ya 3.2 ni kama gramu 800 za tunda kwa kila lita ya kinywaji.

Ule mzigo wa kilo 20 umetoa lita 6.25, mara 4 ni lita 25. Kwa utamu wa briksi 12 natia sukari kilo 2.2 na maji lita 17.4. Utauliza mbona sio 18.75, si 25 toa 6.25? Kwa sababu sukari nayo inachukua nafasi, kilo moja ikiyeyuka inaongeza zaidi ya nusu lita. Ukitia 18.75 halafu sukari juu yake utapita lita 25 na kinywaji kitakuwa chepesi. Maji yawe yamechemshwa na kupoa.

Ukitaka kuuza nyepesi zaidi ya hapo ni biashara yako lakini usiandike kwenye chupa kwamba ni juisi, na kama unataka kuingia supamaketi nenda UNBS, shirika la viwango la Uganda, mapema wakuambie kiwango chao, usisubiri uchape lebo kwanza.

Nauza chupa ya nusu lita shilingi 2,000 na siioni faida, tatizo liko wapi?

Liko kwenye tunda, na hesabu yake ni fupi. Tuseme kilo imekupata 5,000 (weka bei yako ya leo, hii ni ya mfano). Kilo 20 ni 100,000. Umepata lita 6.25, kwa hiyo lita moja ya juisi safi imekugharimu 16,000. Chupa ya nusu lita yenye robo juisi ina mililita 125, hiyo ni 2,000 ya tunda peke yake! Ongeza sukari, kwa 4,500 kilo ni kama 200 kwa chupa, bado chupa yenyewe, kifuniko, barafu, boda. Unauza kwa 2,000 na umeshapita 2,200 hata kabla ya chupa.

Watu wakifika hapa wanaongeza maji. Mi nadhani kuna njia mbili bora. Moja ni kupunguza chombo, glasi ya mililita 300 inabeba tunda la 1,200 na mteja wa sokoni ana kiu ya glasi, sio ya nusu lita. Ya pili ni kuchanganya na tunda la bei rahisi, pasheni na embe zinapendana sana, na harufu ya pasheni inashika hata ikiwa kidogo. Ila ukichanganya sema umechanganya.

Mashine ya kukamua itaongeza lita?

Kidogo, sio muujiza. Ganda ni ganda, mashine haiwezi kutoa juisi kwenye ganda. Mahali ambapo unapoteza ni pawili: kwenye kukwangua na kwenye kuchuja. Jaribu hivi, maganda uliyomaliza leo yakwangue tena mara ya pili kwa kijiko, pima kilichotoka. Kwa kilo 20 msichana wangu alikuwa anaacha karibu nusu kilo kwenye maganda kwa sababu ya haraka, nikambadilishia kijiko chenye ncha kali tu, basi. Na kuchuja kwa kitambaa kunabaki na juisi nyingi kwenye kitambaa, chujio la chuma la matundu ya kama milimita 1 ni bora.

Kuacha blenda inakimbia muda mrefu ili mbegu zitoe zaidi ni kosa. Mbegu zikivunjika unapata vipande vyeusi vinavyopita kwenye chujio, juisi inakuwa ya kijivu na uchungu unabaki nyuma ya ulimi.

Embe na nanasi je?

Embe unapata rojo, sio juisi. Embe dogo la kienyeji lenye nyuzi lina kokwa kubwa, panga kilo 2 mpaka 2.3 kwa lita ya rojo. Embe kubwa la kisasa lenye nyama nyingi linashuka mpaka 1.7 au 1.9. Rojo ni zito kuliko maji pia, kama gramu 1,060 kwa lita.

Nanasi pima na taji lake kama unalipia na taji lake. Ukitoa taji, ganda na moyo, ukasaga na kuchuja, panga kilo 2.3 mpaka 2.6 kwa lita. Nanasi likiwa bichi upande wa juu linakudanganya, chini tamu na juu kali.

Ukwaju usiuweke kwenye hesabu hii kabisa, ni tunda kavu unaloloweka, lita zake ni maji uliyotia wewe. Huo unapimwa kwa ladha na ukali.

Nikigandisha juisi safi, kipimo kinabadilika?

Uzito haubadiliki ila ujazo unapanda karibu sehemu moja kwa kumi, usijaze chupa mpaka juu itapasuka. Ikiyeyuka itajigawa, nzito chini na nyepesi juu, kwa hiyo yeyusha chupa YOTE, tikisa, ndipo upime. Ukimimina nusu ikiwa bado na barafu unapata ile tamu kali kwanza, wateja wa asubuhi wanafurahi na wa jioni wanakunywa maji.

Na ukiichemsha ili ikae, usishtuke ikiwa nzito kama uji mwembamba. Pasheni ina wanga kidogo, ikipata moto inashikana. Hiyo haimaanishi umepata juisi nyingi au imeharibika, na usiongeze maji kwa sababu ya uzito huo, kipimo chako ni kilekile ulichoandika kabla ya kuiweka jikoni.

Naanza wiki ijayo, niandike nini kwa daftari?

Tarehe, ulinunua kwa nani, kilo ulizolipia, kilo ulizotupa, kilo za maganda, kilo za juisi kabla ya maji yoyote. Mstari mmoja kwa kila mzigo. Mizigo kama 10 ikipita gawa kilo zote ulizolipia kwa lita zote ulizopata, hiyo ndo namba ya mkono wako na soko lako, itumie hiyo badala ya yangu. Msimu wa mvua iandike upande wake, tunda linakuja limejaa maji, lita zinapanda kidogo lakini utamu unashuka na sukari unatia zaidi.